Maneno Yaliyoshikana: Ukumbuke Vituo Vilivyokufa au Ujaze Jedwali?

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasafisha maandishi ya Kiswahili yaliyotolewa kwenye vitabu vilivyopitishwa kwenye skana. Kurasa nyingi zilitoka salama, lakini nyingine zilitoka maneno yakiwa yameshikana: `kamalipojina` badala ya "kama lipo jina". Nikaandika programu fupi ya kujibu swali moja tu. Je, mstari huu unaweza kukatwakatwa ukawa maneno yaliyomo katika orodha yangu, au hauwezi? Mistari elfu kadhaa ilipita kwa sekunde chache. Halafu programu ikafika kwenye kitabu cha nyimbo za kubembelezea watoto, ikakwama kwenye mstari mmoja. Niliiacha ifanye kazi usiku kucha, na asubuhi nikaikuta palepale.

Nitaurudia mstari huo baadaye, kwa sababu ndio ulionifundisha karibu yote ninayotaka kukushauri hapa. Kwanza tuanze na `kamalipojina`.

Chukua orodha ndogo yenye maneno manne: kama, kamali, lipo, jina. Wengi wanaoanza hufuata njia inayoonekana ya kawaida kabisa: kata neno refu kuliko yote unaloliona mwanzoni, kisha endelea na kinachobaki. Kwa mstari wetu njia hiyo inakata "kamali", inabaki na `pojina`, na hapo hakuna neno linaloanzia. Programu inajibu hapana, na jibu hilo si kweli. Basi unaweza kusema, tuanze na neno fupi. Hiyo nayo inaanguka ukiipa `kamalimbaya`, baada ya kuongeza "mbaya" kwenye orodha: itakata "kama" na kubaki na `limbaya`, ilhali jibu lilikuwa "kamali mbaya". Hakuna kanuni ya kuchagua mara moja bila kurudi nyuma itakayokufaa siku zote. Lazima programu iwe tayari kujaribu, kushindwa, kurudi na kujaribu tena.

Ili tuelewane, nitaita kila pengo kati ya herufi mbili kituo. Kituo cha 0 kiko kabla ya herufi ya kwanza, na katika mstari wenye herufi 12 kituo cha mwisho ni cha 12, baada ya herufi ya mwisho. Kila neno la orodha linalopatikana ndani ya mstari ni safari kutoka kituo kimoja hadi kingine. "Kama" inakutoa 0 hadi 4, "kamali" inakutoa 0 hadi 6, "lipo" inakutoa 4 hadi 8, na "jina" inakutoa 8 hadi 12. Swali letu zima linakuwa hili: je, kuna mfululizo wa safari wa kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho?

Njia ya kwanza ya kulijibu ni fanksheni inayojiita yenyewe. Ukiwa kituo cha `i`, tafuta kila neno linaloanzia hapo. Kwa kila neno, uliza swali lilelile ukiwa kituo linapoishia. Ukifika mwisho wa mstari, jibu ni ndiyo. Ukimaliza maneno yote bila kupata njia, jibu ni hapana kwa kituo hicho, unarudi nyuma.

Fanksheni hiyo inatoa majibu sahihi. Tatizo lake ni usahaulifu, na sasa turudi kwenye kitabu cha nyimbo. Mstari uliokwama ulikuwa kiitikio kilichoshikana: "la" imejirudia mara 60, na mwishoni kabisa imekaa herufi `z`. Kiswahili kina neno "la" na kina neno "lala". Kwa hiyo kutoka kila kituo kulikuwa na safari mbili, moja ya herufi mbili na moja ya herufi nne. Ukitoka kituo cha 0 unafika cha 4 kwa njia mbili, "la la" au "lala". Cha 6 kina njia tatu, cha 8 kina njia tano. Hesabu hiyo ni ile ya Fibonacci, ambayo kila namba yake ni jumla ya mbili zilizotangulia. Mwishoni mwa njia zote iko ile `z`, ambayo pale ilipo haianzishi wala haimalizii neno lolote.

Kama mstari ungekuwa unagawika, fanksheni ingepata njia moja na kusimama. Lakini kwa kuwa haugawiki, ilibidi ijaribu njia zote. Kwa "la" 30 na `z`, fanksheni isiyokumbuka inaitwa mara 3,524,577. Kwa "la" 40 inaitwa mara 433,494,436. Kwa "la" 60 kama zangu, miito inazidi trilioni sita na nusu. Hata kompyuta ingefanya miito milioni moja kila sekunde, ingehitaji zaidi ya siku 75. Wala si kwamba kazi yenyewe ni ngumu kiasi hicho. Mstari ule una vituo 61 tu vinavyofikika, yaani 0, 2, 4 na kuendelea hadi 120. Fanksheni ilikuwa inauliza swali lilelile kuhusu vituo vilevile, mara mabilioni, na kila mara inapewa jibu lilelile la hapana.

Dawa yake ni kuandika majibu. Kituo kikishajibiwa, jibu linawekwa kwenye kumbukumbu, na mara ya pili linasomwa tu. Mwaka 1968 Donald Michie, mtafiti wa akili bandia huko Uingereza, alichapisha makala katika jarida la Nature akiziita fanksheni za namna hii "memo functions", yaani fanksheni zenye kuandika kumbukumbu. Katika Python kazi hiyo inafanywa na mstari mmoja:

```python
from functools import lru_cache

def inagawika(s, maneno):
    refu = max(map(len, maneno), default=0)

    @lru_cache(maxsize=None)
    def toka(i):
        if i == len(s):
            return True
        for j in range(i + 1, min(i + refu, len(s)) + 1):
            if s[i:j] in maneno and toka(j):
                return True
        return False

    return toka(0)
```

Kwa mstari wa "la" 60, `toka` sasa inaitwa mara 120 kwa jumla, na katika hizo ni mara 61 tu inapofanya kazi kwelikweli. Zilizobaki zinasoma jibu lililokwisha kuandikwa.

Hapa pana jambo ambalo ningependa ulishike, maana linapuuzwa hata na watu wenye uzoefu. Jibu gani hasa linasaidia likikumbukwa? Fikiria `toka(j)` ikirudisha `True`. Aliyeiita naye anarudisha `True` papo hapo, na aliyemwita yeye vilevile, mpaka juu. Kazi imekwisha, hakuna atakayeuliza tena. Kwa hiyo `True` haisomwi kamwe kutoka kwenye kumbukumbu wakati wa kuujibu mstari mmoja. Kinachosomwa tena na tena ni `False`. Kumbukumbu yote, ukiitazama vizuri, ni orodha ya vituo vilivyokufa: ukifika hapa usihangaike, hapapitiki.

Ukilijua hilo, utaitambua hitilafu ambayo nimeikuta kwenye programu za watu wengi wanaoandika kumbukumbu kwa mkono:

```python
if kumbukumbu.get(i):
    return kumbukumbu[i]
```

Inasomeka vizuri, na majibu yake yote ni sahihi. Lakini kwa Python, `False` iliyohifadhiwa na kituo ambacho hakijaandikwa kabisa vinaonekana sawa mbele ya `if` hiyo. Programu inaandika vituo vilivyokufa kwa bidii na haisomi hata kimoja. Matokeo yake ni upolepole uleule wa mwanzo. Sahihi ni kuuliza kama kituo kimo, bila kujali jibu lake:

```python
if i in kumbukumbu:
    return kumbukumbu[i]
```

Kwa kuwa majibu hayakosewi, majaribio ya kawaida hayawezi kuinasa hitilafu hii. Inayoinasa ni mistari yenye marudio mengi na mwisho mbaya. Andaa "la" 20 na `z`, kisha 25, kisha 30, na upime muda wa kila mmoja. Kama kumbukumbu inafanya kazi hutaona tofauti ya maana. Kama haifanyi kazi, kila "la" tano zitazidisha muda karibu mara kumi na moja.

Hitilafu nyingine mbili za kumbukumbu zinastahili kutajwa. Ya kwanza ni kuitoa `toka` nje ya `inagawika` ili itumike kwa mistari yote, huku bado inakumbuka kwa namba ya kituo peke yake. Kituo cha 4 cha mstari wa leo si kituo cha 4 cha mstari wa jana, na hapo utapata majibu ya uongo yanayobadilika kulingana na mpangilio wa mistari. Ukiona programu inajibu vingine ukiupa mstari mmoja peke yake, na vingine ukiupa baada ya mistari mingine, anza kutafuta hapo. Ya pili ni kuita fanksheni kwa mkia wa mstari, `s[j:]`, badala ya namba. Majibu ni sahihi, ila kumbukumbu inajaa nakala za mikia yote. Mstari wa herufi 10,000 unaweza kukuachia nakala zenye herufi milioni 50 kwa pamoja. Tumia namba.

Njia ya pili haijiiti hata kidogo. Inajaza jedwali kuanzia mwanzo wa mstari kwenda mbele, na swali lake limegeuzwa. Haiulizi "kutoka hapa nitafika mwisho?" bali "hapa panafikika kutoka mwanzo?"

```python
def inagawika_jedwali(s, maneno):
    n = len(s)
    refu = max(map(len, maneno), default=0)
    fika = [False] * (n + 1)
    fika[0] = True
    for j in range(1, n + 1):
        for i in range(max(0, j - refu), j):
            if fika[i] and s[i:j] in maneno:
                fika[j] = True
                break
    return fika[n]
```

Visanduku ni `n + 1`, si `n`, kwa sababu mstari wa herufi 12 una vituo 13. Na `fika[0] = True` ndiyo inayowasha kila kitu: kituo cha kwanza kinafikika bila kukata neno lolote. Ukiisahau, jedwali zima litabaki `False` na kila mstari utajibiwa hapana, kosa ambalo angalau linajitangaza lenyewe.

Tuipitishe `kamalipojina` kwa mkono, na orodha yetu ileile ya maneno manne. Vituo vya 1, 2 na 3 havifikiki. Cha 4 kinafikika kwa "kama". Cha 5 hapana. Cha 6 kinafikika kwa "kamali". Cha 7 hapana. Kwenye cha 8 programu inatazama nyuma: kutoka 4 kuna "lipo", basi kinafikika. Vya 9, 10 na 11 hapana. Cha 12 kinafikika kutoka 8 kwa "jina". Visanduku vyenye `True` ni 0, 4, 6, 8 na 12, na cha 12 ndicho cha mwisho, kwa hiyo mstari unagawika.

Kitazame kituo cha 6. Jedwali limekiwekea `True`, ingawa ukifika pale huna pa kwenda. Sio kosa. `fika[6]` inasema kwamba panafikika, haikuahidi kwamba panapitika. Katika fanksheni ya kumbukumbu, `toka(6)` ingekuwa `False`, kwa sababu yenyewe inaulizia kinachofuata mbele. Na katika mfano huu isingeulizwa kabisa: ingeanza na "kama", ikaruka 4, 8, 12, ikamaliza bila hata kuiona "kamali". Mara nyingi nimeona mtu akilinganisha majibu ya njia hizi mbili kituo kwa kituo, akakuta hayafanani, akadhani moja imeharibika. Linganisha jibu la mwisho tu, yaani `toka(0)` na `fika[n]`.

Basi uchague ipi? Gharama ya juu kabisa ni ileile kwa zote mbili: kwa kila kituo, si zaidi ya majaribio `refu`. Mstari wangu wa herufi 121, kwa orodha ambayo neno lake refu lina herufi 20, hauwezi kuzidi majaribio 2,420 kwa njia yoyote kati ya hizi. Anayekuambia jedwali lina kasi zaidi kimsingi, mwambie aonyeshe ni katika mistari ipi. Mistari inayogawika kirahisi inapendelea kumbukumbu, kwa kuwa inasimama ikishapata njia moja, na vituo visivyofikika haivigusi. Jedwali linavipitia vyote, japokuwa `fika[i]` ikiwa `False` linaruka bila kukata wala kutafuta neno.

Kinachoamua kwa kawaida ni urefu wa mstari. Kila neno linalokatwa ni mwito mmoja ndani ya mwingine, na Python kwa kawaida inakataa ngazi zikikaribia 1,000. Ukurasa mmoja ulioshikana unaweza kupita, lakini kurasa tatu au nne zikiungana utapata `RecursionError`, na utaipata hasa kwenye mstari mzuri unaogawika vizuri hadi mwisho. Kuna wanaopandisha kikomo kwa `sys.setrecursionlimit`. Siwashauri, kwani ukikipandisha sana programu yote inaweza kuanguka bila ujumbe wa maana. Ukitaka kubaki na fanksheni yako, iite kuanzia kituo cha mwisho ukirudi nyuma moja moja hadi 0. Kila swali litakuta majibu yake yapo tayari, na hakuna mwito utakaozama zaidi ya ngazi moja au mbili. Ukifanya hivyo utagundua kwamba umejaza jedwali, ila kutoka mkiani.

Desturi yangu ni kuandika kwanza ya kumbukumbu, kwa sababu inasomeka kama swali lenyewe na ni vigumu kuikosea mpangilio. Halafu naandika jedwali, nazipa zote mbili mistari mingi ya kubahatisha iliyoundwa kwa herufi mbili tatu tofauti tu, na orodha ya maneno mafupi. Zikitofautiana katika jibu la mwisho, moja ina hitilafu. Zikikubaliana, kwenye kazi halisi nabaki na jedwali.

Nabaki na jedwali kwa sababu mbili. Kwanza, linahitaji kukumbuka visanduku `refu` vya mwisho tu. Kama neno refu lina herufi 20, kituo kilicho nyuma zaidi ya 20 hakiwezi kukusaidia tena, kwa hiyo unaweza kusoma kitabu kizima kidogo kidogo. Na ukiona visanduku 20 mfululizo vyote ni `False`, simama hapo hapo, hakuna neno litakaloliruka pengo hilo. Pili, jedwali likijibu hapana, linakuonyesha mahali pa kutazama. Ukilipa `kamalipojinz`, `True` ya mwisho iko kituo cha 8. Yaani mpaka "kama lipo" mambo yalikuwa sawa, na shida iko ndani ya `jinz` au kwenye neno ambalo orodha yako haina.

Kuhusu orodha yenyewe, nina maneno machache, kwa kuwa hapa ndipo watu wa Kiswahili tunapopata taabu ya peke yetu. Kamusi ya kawaida haitoshi. Inakupa kitenzi "cheza" mara moja, lakini maandishi yana "wanacheza", "hatukucheza", "aliyemchezea". Unahitaji orodha ya maneno kama yanavyoandikwa, iliyokusanywa kutoka maandishi yenye nafasi safi, na uiweke katika `set`, si `list`, maana `list` inasakwa neno kwa neno kila unapouliza. Kisha itazame kwa jicho kali upande wa maneno mafupi. Orodha zilizokusanywa na mashine huwa na takataka za herufi moja moja, `a`, `k`, `z`. Zikibaki, karibu kila mstari utagawika na jibu lako halitakuwa na maana yoyote. Kabla ya kazi, jaribu mstari usio na maana, kwa mfano `zzqkmmt`. Ukijibiwa ndiyo, safisha orodha.

Hata orodha safi itakukubalia mengi. `yanawala` inagawika kuwa "yana wala", na pia kuwa "ya na wa la". Programu zetu zote mbili zinajibu kama mgawo upo, hazisemi upi ndio mwandishi aliukusudia. Hilo ni swali jingine, linahitaji kuhesabu maneno yanavyofuatana katika maandishi halisi, ingawa jedwali lake linajazwa kwa mtindo huuhuu, uzito ukikaa mahali pa `True` na `False`.

Ule mstari wa kubembelezea watoto niliupitisha kwenye jedwali asubuhi ileile. Jibu lilikuja kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe: hapana, na `True` ya mwisho iko kituo cha 120. Nikafungua picha ya ukurasa, nikatazama mahali herufi ya 121 ilipotakiwa kuwa. Mpanga kurasa alikuwa ameweka ua dogo lililojikunja mwishoni mwa kiitikio, na skana ilikuwa imelisoma kama `z`.